Shangazi kalipa 142,000 kwenye mkopo wa laki tatu, deni linasoma 171,650. Nisaidieni hesabu (skrinshoti nimenakili)

KijanaWaNanyamba

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Mtwara mjini, shangazi yangu yupo Tandahimba. Mwanzoni mwa mwezi huu alikopa kwenye aplikesheni ya mikopo ya simu, apate hela ya kukodi bomba la kupulizia mikorosho na kuwalipa vijana wa palizi. Juzi kalipa awamu ya kwanza, akafungua aplikesheni akidhani ataona deni limebaki 158,000, maana laki tatu toa 142,000 ni 158,000. Akakuta 171,650. Kanipigia analia, anasema wamemwibia.

Kanitumia skrinshoti tatu kwa WhatsApp. Zina ukungu, kwa hiyo nanakili kilichoandikwa, neno kwa neno.

Ya kwanza, ukurasa wa mbele: "Mkopo hadi 1,000,000. Riba 0.05% kwa siku. Muda siku 91."

Ya pili: "Kiasi cha mkopo 300,000. Kiasi utakachopokea 246,000." Chini kuna kimshale cha "Tazama zaidi", ukikibonyeza kinafunguka: "Ada ya huduma 42,000. Ada ya tathmini 12,000."

Ya tatu ni ratiba:

```
Awamu 1   16/06/2025   142,000
Awamu 2   30/06/2025   142,000
Awamu 3   28/07/2025    15,000
Awamu 4   01/09/2025    14,650
```

Chini kabisa kwa maandishi madogo: "Kuchelewa: 2% ya awamu kwa siku." Pesa iliingia kwenye simu tarehe 03/06/2025.

Ninachotaka kujua ni mambo mawili. Riba yote ni shilingi ngapi mpaka amalize? Na je, akilipa lote mapema inapungua? Jina la aplikesheni naliweka pembeni kwa sasa.

Chuno_Mtaa

Mkuu nitupie jina la hiyo aplikesheni PM, nina shida ya laki mbili leo leo.

KijanaWaNanyamba

Chuno, soma uzi kwanza kaka.

BwanaLigula

Hesabu ni nyepesi. Jumlisha awamu zote nne unapata 313,650. Alichopokea mkononi ni 246,000. Tofauti 67,650, hiyo ndiyo gharama yote ya mkopo. Gawa kwa 246,000 unapata 27.5%. Muda ni siku 91, yaani miezi mitatu, kwa hiyo ni kama 9.2% kwa mwezi. Ni ghali, ila kwa mikopo ya simu nimeona mabaya kuliko haya. Shangazi atulie tu amalizie.

UfutaNachingwea

Mimi yangu yalinikuta mwaka jana huku Nachingwea, nikisubiri mnada wa ufuta. Siku ya awamu ilipofika sikuwa na hela, nikaona kitufe kimeandikwa "Ongeza muda". Nikabonyeza, wakakata ada, nikapewa wiki mbili. Nikashukuru kweli. Wiki mbili zikaisha nikabonyeza tena. Nilipokuja kuangalia deni halijapungua hata mia, nimelipa ada za kuongeza muda tu. Mwambie shangazi kitufe hicho asikiguse.

MamaSaccos_Masasi

Habari zenu wanangu. Nimekaa dawati la mikopo kwenye SACCOS miaka mingi, haya makaratasi nayajua, hata yakiwa kwenye kioo cha simu.

Ligula jumla yake ni sahihi, 67,650 ndiyo gharama. Hiyo 9.2% kwa mwezi ndipo ninapomkatalia, nitairudia. Tuanze na machozi ya shangazi, yale ya 171,650.

Chukua 300,000, zidisha kwa 0.05%, unapata 150 kwa siku. Zidisha kwa siku 91: 13,650. Sasa jumlisha 300,000 na 13,650 uone kama haiji 313,650, ile ile jumla ya awamu nne. Toa 142,000 aliyolipa, inabaki 171,650. Kwa hiyo mtambo haujamwibia kwa kukosea. Riba yote ya siku 91 iliandikwa kwenye deni tangu siku ya kwanza, na shangazi alipopiga hesabu yake aliiacha nje.

Lakini angalia hiyo riba imepigwa juu ya nini. Imepigwa juu ya laki tatu nzima kwa siku zote 91, wakati baada ya tarehe 16 hadaiwi tena laki tatu, na baada ya tarehe 30 karibu deni lote litakuwa limerudi. Ingekuwa riba inafuata deni linavyoshuka, kwa 0.05% hiyo hiyo na kwa ratiba hii hii, wiki mbili za mwanzo zingekuwa 2,100. Wiki mbili zinazofuata deni lingekuwa 160,100, riba 1,121. Mwezi wa saba 269, na mwisho 79. Jumla 3,569. Awamu ya mwisho ingekuwa 4,569, siyo 14,650. Ukurasa wa mbele umeandika "0.05% kwa siku" bila kusema ya kiasi gani, na hapo ndipo 10,081 ilipoingilia.

Na bado hapo tunazungumzia kidogo. Kikubwa ni ile 54,000 ya ada, iliyokatwa kabla hela haijafika Tandahimba.

KijanaWaNanyamba

Shikamoo mama. Sasa nimeelewa 171,650 imetoka wapi. Lakini hiyo 54,000 si wameiandika wazi? Ada ya huduma, ada ya tathmini. Inakuwaje tuihesabu kama riba?

MamaSaccos_Masasi

Marahaba mwanangu. Iite jina lolote. Shangazi hakuipokea, na anailipa. Tena hata riba ya 150 kwa siku inapigwa mpaka juu ya hiyo 54,000 ambayo hajawahi kuishika. Ukitaka kujua mkopo una bei gani, andika kilichoingia kwenye simu na tarehe yake, halafu andika kila kinachotoka na tarehe yake. Majina yote mengine futa.

Mimi hufanya hivyo kwenye daftari la mistari:

```
03/06   imeingia   246,000
16/06   imetoka    142,000
30/06   imetoka    142,000
28/07   imetoka     15,000
01/09   imetoka     14,650
```

Sasa Ligula uje hapa. Tarehe 30 Juni shangazi atakuwa ametoa 284,000. Aliingiziwa 246,000. Yaani ndani ya wiki nne tu atakuwa amerudisha kila alichopewa, na 38,000 juu yake. Wewe umegawanya gharama kwa miezi mitatu kana kwamba hela alikaa nayo miezi mitatu. Hela za watu alikaa nazo zote wiki mbili, zilizobaki wiki mbili nyingine, basi. Zile 15,000 na 14,650 za Julai na Septemba ni mkia tu.

BwanaLigula

Mama nimekuelewa upande wa ada, ila muda wa mkataba ni siku 91. Mkataba ndio unaohesabika, siyo sisi tunavyojisikia.

Mhasibu_Ruangwa

Ligula, hapo hakuna kujisikia. Nimeziweka kwenye Excel, initafutie riba ya wiki ambayo ikipigwa juu ya deni linavyoshuka, malipo haya manne yanalimaliza kabisa. Nimetumia wiki badala ya siku ili iwe rahisi, wiki ya 0 mpaka ya 13, wiki zisizo na malipo nikaweka sifuri:

```
B2   246000     (wiki 0)
B4   -142000    (wiki 2)
B6   -142000    (wiki 4)
B10  -15000     (wiki 8)
B15  -14650     (wiki 13)
=IRR(B2:B15)
```

Sifuri usiziache wazi, ziandike. Ukiacha seli tupu Excel inaziruka, na wiki zinasogeleana. Jibu linakuja 7.15%, na hiyo ni kwa wiki. Ukiipeleka kwa mwaka na riba juu ya riba inapita 3,000%, mpaka nikadhani nimekosea ishara.

MamaSaccos_Masasi

Hujakosea. Ya mwaka iache, hakuna mtu anayekaa na mkopo huu mwaka mzima, inatisha watu bure. Ya wiki ndiyo ya kushika, kwa sababu unaweza kuikagua kwa kalamu. Ngoja tuikague, maana kijana wetu asije akaamini Excel kama alivyoamini aplikesheni.

Anza na 246,000. Kwa wiki mbili kwa 7.15% inazaa 36,435, deni linakuwa 282,435. Lipa 142,000, linabaki 140,435. Wiki mbili tena linazaa 20,800, linakuwa 161,235. Lipa 142,000, linabaki 19,235. Wiki nne linazaa 6,120, lipa 15,000, linabaki 10,355. Wiki tano za mwisho linazaa 4,270, linakuwa 14,625. Awamu ya mwisho ni 14,650. Tofauti ya shilingi 25 ni ya kukata desimali. Jumlisha riba za vipande vyote vinne uone zinavyokuja kwenye 67,650 ya Ligula.

Angalia sasa riba ilivyogawanyika. Katika hiyo 67,650, zaidi ya 57,000 imeliwa ndani ya wiki nne za mwanzo. Na hiyo 7.15% kwa wiki, riba juu ya riba, kwa wiki nne ni zaidi ya 30%. Ndiyo maana 9.2% siikubali, hata kama mkataba umeandika siku 91.

BwanaLigula

Sawa, kwa hesabu hiyo imekaa. Swali langu, kwa nini sasa wajisumbue na hizo awamu mbili ndogo za mwisho? Si wangesema tu mkopo ni wiki nne?

Mhasibu_Ruangwa

Play Store haikubali aplikesheni za mikopo binafsi zinazotaka mkopo wote urudishwe ndani ya siku 60 au pungufu. Ukiweka vijisenti viwili vya mwisho vifike siku ya 91, kwenye maelezo unaandika "siku 91" na umepita. Hao wa shangazi siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu yao, ila ratiba ya namna hii nimeikuta zaidi ya mara moja, uzito wote mbele, mkia mrefu nyuma.

FundiBomba

Na makato ya kutuma hela mbona hamhesabu? Kila awamu unalipia mtandao. Halafu bei ya kukodi bomba huku Newala imepanda, mwambie shangazi avizie asubuhi, upepo ukianza dawa inaishia kwa jirani.

MamaSaccos_Masasi

Makato ni kweli, yaongezwe kwenye kila mstari wa "imetoka". Hayabadilishi sura ya mkopo ila ni hela.

Jambo moja nimeliona kwenye tarehe, kijana mwambie shangazi leo hii. Pesa iliingia tarehe 3, awamu ya kwanza imewekwa tarehe 16. Mtu akiambiwa siku 14, anahesabu 3 jumlisha 14, anakwenda tarehe 17. Wao wameihesabu siku ya kupokea kuwa siku ya kwanza. Fuata kwenye ratiba nzima utaona ni hivyo hivyo: siku ya 28 ni 30 Juni, siku ya 56 ni 28 Julai, siku ya 91 ni 1 Septemba. Kama kwenye kalenda yake ameandika 1 Julai, afute. Siku moja ya kuchelewa kwenye 142,000 kwa 2% ni 2,840. Nimezungusha wiki kwenye hesabu ya juu kwa sababu siku moja haibadilishi jibu sana, lakini kwenye kulipa siku moja inauma.

KijanaWaNanyamba

Mama, nimempigia sasa hivi. Kweli kwenye kalenda ya ukutani alizungushia tarehe 1 Julai. Tarehe 16 alilipa kwa sababu tu ujumbe ulimkumbusha asubuhi.

Sasa lile swali langu la pili. Kuna ndugu yetu anaweza kumsaidia amalize lote wiki hii. Afanye hivyo?

UfutaNachingwea

Amalize fasta, deni ni deni. Halafu afute kabisa hiyo aplikesheni.

MamaSaccos_Masasi

Subiri kwanza. Kabla ya kutoa hela ya ndugu, tafuteni kwenye aplikesheni kitufe cha kulipa deni lote. Msithibitishe malipo, angalieni tu kimeandika ngapi. Kama riba inahesabiwa kwa siku kweli, kiasi hicho kitakuwa chini ya 171,650, na kesho kitasogea kidogo. Kikiandika 171,650 ile ile, basi kulipa mapema hakumpunguzii hata senti, na hela ya ndugu ni bora ikae kwa ndugu mpaka tarehe zenyewe.

KijanaWaNanyamba

Kafungua tukiwa wote kwenye simu. Kitufe kimeandikwa "Lipa yote sasa". Kiasi: 171,650.

Mhasibu_Ruangwa

Basi jibu umelipata. Riba yao haina habari na siku. "0.05% kwa siku" ni njia ya kuandika 13,650 ionekane ndogo.

Kwa hali hiyo mimi ningelipa 142,000 tarehe 29 jioni, siyo usiku wa tarehe 30 mtandao ukisumbua, halafu 29,650 iliyobaki ningeisubirisha mpaka tarehe zake. Kwa mujibu wao wenyewe haiongezeki.

UfutaNachingwea

Na wakikosa subira wakaanza kupigia simu watu wote kwenye orodha ya namba zake? Mimi walimpigia mpaka mwalimu mkuu wa mtoto. Amalize tu, amani ya moyo nayo ina bei.

MamaSaccos_Masasi

Ufuta, hapo sikupingi sana. Kihesabu haina faida kulipa mapema, kibinadamu aamue mwenyewe shangazi. Ila asilipe nusunusu. Kwenye mikopo mingi malipo pungufu yanaanza kula adhabu, kinachobaki ndicho kinagusa awamu, na awamu inaendelea kusomeka haijalipwa.

MtuWaMikindani

Nyote mmeruka jambo. Wakopeshaji wa namna hii wapo daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na msimamizi wao ni Benki Kuu. Ukomo wa riba ni 3.5% kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kijana aangalie kwanza kama hao wamo kwenye orodha hiyo, na kama wamo kwenye orodha ya wenye leseni. Tawi la Benki Kuu lipo hapa hapa Mtwara, apeleke hizo skrinshoti.

BwanaLigula

Mikindani, 0.05% kwa siku ni 1.5% kwa mwezi. Kwa karatasi wapo ndani ya 3.5%. Watakujibu hivyo hivyo.

MtuWaMikindani

Watajibu hivyo wakiulizwa riba. Wakiulizwa 54,000 ya nini?

BwanaLigula

Watasema ada, na ada siyo riba. Mteja alibonyeza "Nakubali".

MamaSaccos_Masasi

Hapo ndipo mvutano wenyewe ulipo, na hautaisha kwenye uzi huu. Ada ya tathmini 12,000 kwa mtu aliyetathminiwa na simu kwa dakika mbili, mimi ningependa kuona wanavyoitetea mbele ya mkaguzi. Lakini akienda Benki Kuu asiende na maneno ya "wameniibia". Aende na ile mistari mitano ya kuingia na kutoka, skrinshoti ya ukurasa wa mbele yenye 0.05%, na ile ya "Lipa yote sasa" yenye 171,650. Hizo mbili zikiwekwa sambamba zinagongana zenyewe. Skrinshoti zionyeshe tarehe na saa juu ya kioo, na azipige leo, kabla aplikesheni haijasasishwa.

Chuno_Mtaa

Basi jina sitaki tena. Mama, SACCOS yenu inapokea watu wa Mtwara mjini?

MamaSaccos_Masasi

Inapokea wanachama, na mwanachama anaanza na kuweka akiba. Hela ya leo leo hatuna.

KijanaWaNanyamba

Nashukuruni wote. Shangazi ameelewa mpaka kwenye 13,650, ila hiyo 7.15% ameniambia nisimsumbue nayo. Anachotaka kujua ni kwamba mpaka Septemba mosi atakuwa ametoa 313,650 na minada ya korosho haijaanza. Kwa hiyo hela ya tarehe 29 inatoka kwa ndugu, ya Julai anauza kuku.

Nimetazama ile orodha ya 69, jina lao halimo. Kwenye orodha ya wenye leseni bado natafuta, maana jina la aplikesheni na jina la kampuni vinaweza kuwa tofauti.

Mhasibu_Ruangwa

Jina la kampuni huwa lipo kwenye mkataba wenyewe, siyo kwenye zile kurasa tatu. Tafuta sehemu ya "Mikopo yangu", ufungue mkopo, shuka mpaka chini. Humo ndimo utakuta pia kama wameandika riba inapigwa juu ya kiasi cha mwanzo au juu ya deni lililobaki. Kama wameandika juu ya deni lililobaki, ile 10,081 ya Mama una haki ya kuidai.

KijanaWaNanyamba

Ameuona, ni kurasa nyingi na umeandikwa Kiingereza kitupu. Jumamosi naenda Tandahimba, nitaupiga picha wote niulete hapa.